Faida ya Deni: Kumi kwa Mia kwa Mwezi Si Mia na Ishirini kwa Mwaka

Ninyi wazee na ndugu mnaolima mpunga, muhogo na karanga katika Kasongo na Kabambare, na ninyi vijana mnaoacha shamba kwenda kuchimba zahabu upande wa Salamabila na Namoya, somo hili ni la feza ya kukopa. Si refu. Chukueni kalamu na kipande cha karatasi, mhesabu pamoja nami, kwa maana hesabu ya kusoma tu hupotea upesi, lakini hesabu ya mkono hukaa.

Kwanza nitawaambia kosa langu mwenyewe. Baba mdogo wangu alikopa franka 100.000 kwa mchuuzi mmoja, apate kuwalipa watu wa kukata msitu na kununua mbegu za mpunga. Alipewa karatasi yenye mistari miwili. Mstari wa kwanza ulisema: faida ni kumi kwa mia kila mwezi. Mstari wa pili ulisema: faida isiyolipwa itaongezwa juu ya deni. Baba mdogo hajui kusoma, basi akaniita mimi niliyesoma shule. Nikasoma mstari wa kwanza, nikahesabu kichwani: kumi mara miezi kumi na miwili ni mia na ishirini. Nikamwambia, “Baba, mwisho wa mwaka utarudisha 100.000 zako na 120.000 za faida, jumla 220.000.” Akaniamini. Mwaka mzima akaweka akiba, mpunga kidogo, zahabu kidogo, hata 220.000 zikatimia.

Siku ya kulipa mchuuzi akasema, “Deni ni 313.843.” Tulidhani ametuibia. Nikaketi usiku na taa, nikahesabu mwezi kwa mwezi, nikaona hakuongeza hata franka moja. Mwenye kosa nilikuwa mimi, kwa sababu sikuutazama mstari wa pili. Zile 93.843 zilizopungua zilitoka katika mbuzi wa baba mdogo na katika mbegu za mpunga za mwaka uliofuata. Sasa angalieni zilitoka wapi, yasiwapate ninyi.

I. Hesabu ya mwezi kwa mwezi

Kumi kwa mia ni sehemu moja ya kumi. Kuipata ni rahisi: lifunike tarakimu la mwisho la deni kwa kidole, linalobaki ndiyo faida ya mwezi. Katika 100.000 ukifunika sifuri ya mwisho inabaki 10.000. Iongeze juu ya deni: mwisho wa mwezi wa kwanza deni ni 110.000.

Mwezi wa pili usianze tena na 100.000. Mstari wa pili wa karatasi unasema faida isiyolipwa imekuwa deni. Basi unaanza na 110.000. Sehemu ya kumi yake ni 11.000. Deni sasa ni 121.000. Mwezi wa tatu sehemu ya kumi ni 12.100, na deni ni 133.100. Unaona? Faida ilikuwa 10.000, ikawa 11.000, ikawa 12.100. Maneno ya karatasi hayakubadilika, ni kumi kwa mia tu, lakini mia zenyewe zimezidi.

Endelea hivyo hivyo kwa miezi yote, ukiacha vipande vidogo vya franka:

Mwezi wa 1: 110.000
Mwezi wa 2: 121.000
Mwezi wa 3: 133.100
Mwezi wa 4: 146.410
Mwezi wa 5: 161.051
Mwezi wa 6: 177.156
Mwezi wa 7: 194.872
Mwezi wa 8: 214.359
Mwezi wa 9: 235.795
Mwezi wa 10: 259.374
Mwezi wa 11: 285.312
Mwezi wa 12: 313.843

Tazama mwezi wa mwisho peke yake. Kutoka 285.312 hata 313.843 ni 28.531. Mwezi wa kwanza deni lilizaa 10.000, mwezi wa kumi na mbili limezaa karibu mara tatu ya hizo. Na wewe hukukopa tena hata franka moja.

II. Mama, watoto na wajukuu

Mfugaji ataelewa upesi. Ukimpa mtu mbuzi jike amtunze, mbuzi huyo anazaa. Ikiwa kila mtoto anachukuliwa mara anapoachishwa ziwa, mwenye kutunza anabaki na mama peke yake, na uzazi ni wa mama tu. Lakini watoto wakiachwa zizini, nao wakikua wanazaa, na hao wajukuu nao wanazaa. Baada ya muda zizi limejaa, wala mama hakuzaa zaidi ya desturi yake.

Deni ni vivyo hivyo. Katika zile 313.843 kuna sehemu tatu. Mama ni 100.000 alizokopa baba mdogo. Watoto ni faida ya mama peke yake, 10.000 kila mwezi kwa miezi kumi na miwili, yaani 120.000. Wajukuu na vitukuu ni faida iliyozaliwa na faida, nao ni 93.843. Mimi nilihesabu mama na watoto. Wajukuu sikuwaona.

Tena angalia wajukuu wanavyokuja. Ukilipa baada ya miezi sita, mama na watoto ni 160.000, na deni la kweli ni 177.156. Wajukuu ni 17.156. Ukilipa baada ya miezi kumi na miwili wajukuu ni 93.843. Muda umezidi mara mbili, wajukuu wamezidi zaidi ya mara tano. Kwa hiyo mwenye kukopa kwa miezi miwili au mitatu haoni tofauti kubwa, anasema, “Deni hili ni jepesi.” Uzito wake unakuja nyuma.

III. Faida ya jina na faida ya kweli

Sasa tunaweza kutoa majina mawili. Ukichukua faida ya mwezi na kuizidisha mara kumi na mbili, unapata faida ya jina. Kumi mara kumi na mbili ni 120 kwa mia. Ni jina tu, kama mtu anavyoitwa Mrefu naye si mrefu. Ukihesabu mwezi kwa mwezi hata mwisho wa mwaka, ukatazama kila 100 zimezaa ngapi, unapata faida ya kweli ya mwaka. Kwetu 100.000 zimekuwa 313.843, basi zimezaa 213.843, yaani karibu 214 kwa mia.

Kama faida ingehesabiwa mara moja tu, mwisho wa mwaka, jina na ukweli vingekuwa kitu kimoja, kwa kuwa hakuna nafasi ya mtoto kuzaa. Kadiri unavyohesabu mara nyingi ndani ya mwaka, ndivyo ukweli unavyolipita jina. Tazama jina lile lile la 120 kwa mia:

Ikihesabiwa mara 1 kwa mwaka, ukweli ni 120.
Ikihesabiwa mara 2, kila mara 60, ukweli ni 156.
Ikihesabiwa mara 4, kila mara 30, ukweli ni karibu 186.
Ikihesabiwa mara 12, kila mara 10, ukweli ni karibu 214.

Labda utauliza: je, mtu akihesabu kila siku, deni litapanda bila mwisho? Hapana. Mwaka 1683 mwenye elimu ya hesabu wa Uswisi, jina lake Jakobo Bernuli, alichungua jambo hili, akaona lina kikomo. Kwa jina la 120, hata ukihesabu kila siku ukweli ni karibu 231, na hata ukihesabu kila dakika haufiki 233. Kuruka kukubwa ni kule kwa kwanza, kutoka mara moja kwa mwaka hata mara moja kwa mwezi.

Tena jua hili: faida ikiwa ndogo, jina na ukweli viko karibu. Moja kwa mia kwa mwezi jina lake ni 12, na ukweli wake ni 12,7. Mbili kwa mwezi jina lake ni 24, ukweli ni 26,8. Tano kwa mwezi jina lake ni 60, ukweli ni karibu 80. Kumi kwa mwezi jina ni 120, ukweli 214. Ishirini kwa mwezi jina ni 240, ukweli ni karibu 792. Mwenye kuweka feza yake mahali penye faida ndogo hapotezi mengi kwa kutumia jina. Anayekopa penye faida kubwa akitumia jina hujidanganya vibaya.

IV. Wakopeshaji wawili

Tuseme una shamba na unataka 100.000. Mkopeshaji wa kwanza anasema: kumi kwa mia kila mwezi, na isiyolipwa inaongezwa juu ya deni. Wa pili anasema: mia na hamsini kwa mia kwa mwaka, mara moja tu, siku ya mwisho. Watu wengi watakimbilia kwa wa kwanza, kwa sababu 120 ni ndogo kuliko 150, na neno “kumi” ni tamu masikioni. Lakini kwa mwaka mzima wa kwanza atataka 313.843, na wa pili atataka 250.000. Wa pili ni nafuu kwa 63.843.

Lakini usifunge daftari upesi. Rudi kwenye orodha ya miezi. Ukiweza kulipa mwezi wa tisa, kwa wa kwanza utatoa 235.795, nayo ni chini ya 250.000. Mwezi wa kumi utatoa 259.374, nayo imepita. Wa pili yeye anataka 250.000 zake hata ukirudi mapema, kama mlivyopatana. Basi jibu ni hili: kama una hakika mpunga wako utauzwa kabla ya mwezi wa tisa kwisha, nenda kwa wa kwanza, kama huna hakika, nenda kwa wa pili. Huwezi kulinganisha madeni mawili kwa kutazama jina lake. Yalinganishe kwa franka utakazotoa, siku utakayozitoa.

V. Njia fupi za kuhesabu

Si lazima kuhesabu miezi yote kumi na miwili. Kwa kumi kwa mia, kila franka 1.000 huwa 1.331 baada ya miezi mitatu. Zidisha 1,331 kwa 1,331 unapata karibu 1,772, ndiyo miezi sita. Zidisha 1,772 kwa 1,772 unapata karibu 3,14, ndiyo mwaka mzima. Kwa faida nyingine fanya vivyo hivyo: hesabu miezi mitatu kwa mkono, kisha zidisha jibu kwa jibu lenyewe mara mbili.

Iko njia nyingine ya kujua deni litakuwa maradufu lini. Gawanya 72 kwa faida ya mwezi. Kwa kumi unapata 7,2, yaani baada ya miezi saba na siku chache. Orodha yetu inasema kweli: mwezi wa saba deni ni 194.872, mwezi wa nane limepita 200.000. Kwa tano unapata miezi kumi na minne na kidogo. Kwa mbili unapata miezi thelathini na sita, na ukweli ni thelathini na tano. Njia hii ni ya kukadiria tu, wala usiitumie faida ikipita ishirini kwa mwezi, kwa kuwa hapo inakosea. Deni la hamsini kwa mia kwa mwezi, lile ambalo watu wa Kinshasa huliita Banki Lamberi ingawa si banki, lihesabu kwa mkono. Utaona kwamba katika miezi miwili tu 100.000 zimekuwa 225.000.

VI. Ukilipa faida kila mwezi

Wajukuu huzaliwa na watoto waliobaki zizini. Ukiwatoa watoto kila mwezi, hakuna wajukuu. Kama baba mdogo angempelekea mchuuzi 10.000 kila mwisho wa mwezi, deni lingekaa 100.000 mwaka mzima. Angetoa 120.000 za faida na 100.000 za mama, jumla 220.000, ndizo nilizomwambia mimi.

Hata nusu inasaidia. Tuseme kila mwezi angepeleka 5.000 tu. Mwezi wa kwanza deni ni 110.000, toa 5.000, linabaki 105.000. Mwezi wa pili linakuwa 115.500, toa 5.000, linabaki 110.500. Ukiendelea hivyo hata mwisho wa mwaka deni ni 206.921. Pamoja na 60.000 alizokwisha kutoa, jumla ni 266.921. Ni afadhali kuliko 313.843.

Hapa pana jambo moja la kuangalia. Anayelipa kila mwezi ametoa franka chache, lakini amezitoa mapema, naye mkopeshaji anaweza kumkopesha mtu mwingine franka hizo mwezi ule ule. Kwa mkopeshaji faida ya kweli bado ni 214. Kwako wewe swali ni hili: 10.000 ulizo nazo mkononi leo, unayo kazi ya kuzizalisha kumi kwa mia kwa mwezi? Kama unayo, fanya kazi hiyo. Kama huna, na wengi wetu hatuna, zipeleke kwenye deni.

Mlima mpunga ana shida yake. Feza yake huja mara moja, wakati wa mavuno. Kila mwezi hana. Mchimba zahabu hupata kidogo kidogo, tena siku nyingine hapati. Nyumba yenye vyote viwili, baba shambani na kijana machimboni, ifanye hivi: zahabu ndogo ndogo zilipe faida ya kila mwezi, mpunga ulipe mama. Nyumba yenye mpunga peke yake isikubali mstari wa pili wa karatasi. Ipatane kulipa mara moja, baada ya mavuno, kwa hesabu inayojulikana tangu siku ya kwanza.

VII. Vikundi vya akiba

Katika vijiji vingi vya Afrika kuna vikundi vya akiba na mkopo, ambavyo wenyeji wenyewe huweka feza katika sanduku na kukopeshana. Mtindo huu ulianzishwa kwa wanawake wa Nijeri mwaka 1991 na shirika la KEA, ukaenea hata kwetu Kongo. Vikundi hivi pia huweza kutoza tano au kumi kwa mwezi. Je, havifanani na yule mchuuzi? Kuna tofauti mbili. Ya kwanza, kwa desturi mkopo haupiti miezi mitatu, basi wajukuu hawapati muda wa kuzaliwa wengi. Ya pili, mwisho wa mwaka sanduku hufunguliwa na faida hugawanywa kwa wenye kuweka. Kama wewe ni mmoja wao, sehemu ya faida uliyolipa inakurudia. Lakini kikundi kikiruhusu deni kuvuka mwezi wa tatu na kuongeza faida juu ya faida, hesabu inakuwa ile ile tuliyoifanya.

VIII. Maneno ya kuuliza kabla ya kutia kidole

Kabla hujatia sahihi au kidole chako katika karatasi, muulize mkopeshaji mbele ya shahidi: Faida inahesabiwa juu ya feza ya kwanza tu, au juu ya deni lililobaki? Nisipolipa faida ya mwezi huu, itakuwaje? Kisha mwambie: “Niandikie hapa, kwa franka, nitatoa ngapi mwezi wa tatu, wa sita na wa kumi na mbili.” Hizo ndizo namba tatu tu. Akiandika 130.000, 160.000 na 220.000, hakuna wajukuu. Akiandika 133.100, 177.156 na 313.843, wapo. Asiyetaka kuandika, usichukue feza yake.

Maswali

1. Umekopa 200.000 kwa tano kwa mia kila mwezi, isiyolipwa inaongezwa juu ya deni. Utatoa ngapi baada ya miezi mitatu? Wajukuu ni ngapi?

2. Mmoja anakopesha kwa nne kwa mia kila mwezi, ikiongezwa juu ya deni. Mwingine anakopesha kwa hamsini na tano kwa mia kwa mwaka, mara moja. Kwa mwaka mzima nani ni nafuu?

Majibu. La kwanza: 210.000, kisha 220.500, kisha 231.525. Mama na watoto ni 230.000, basi wajukuu ni 1.525. La pili: jina la yule wa kwanza ni 48, lakini 100.000 zake zinakuwa 160.103, na za mwingine zinakuwa 155.000. Mwingine ndiye nafuu.

Baba mdogo sasa anaijua hesabu ya kufunika tarakimu la mwisho kwa kidole, ingawa hajui kusoma. Mwaka huu alipoletewa karatasi nyingine aliniambia, “Mwanangu, anza na mstari wa pili.”